Simu moja, watoto watatu: kufunga apu za simu na chaneli za televisheni kwa PIN

Dada yangu anakaa Langoni, hapa kisiwani Lamu, na nyumba yake ina simu moja ya kugusa. Mumewe huondoka na kabambe anapokwenda kuvua, na ile kubwa hubaki nyumbani. Ndiyo yenye M-Pesa, ndiyo yenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa shule, na ndiyo watoto wanayoililia jioni wakirudi chuoni ili watazame katuni. Siku moja alinipigia akaniambia, "Kaka, njoo uitazame hii simu. Nambari ya siri nimeweka, na watoto wanaingia kama wanavyoingia jikoni." Nilikwenda baada ya alasiri nikakaa hadi magharibi. Naandika hapa tuliyoyafanya, kwa mfuatano ule ule, kwa sababu nyumba nyingi za huku ziko kama yake.

Ukiuliza mjini, wengi watakwambia uweke Family Link ya Google. Ni chombo kizuri, lakini kimetengenezewa mtoto mwenye simu yake: akaunti ya mtoto inakaa kwenye simu ya mtoto, na mzazi anaisimamia kutoka kwenye simu nyingine. Pale ambapo simu ni ya mama na watoto huiazima tu, hakikufai. Haya ninayoyaeleza ni ya simu ya kuazimana, ya Android. Majina ya kwenye skrini nayataja kama yanavyosomeka kwa Kiingereza, kwani simu nyingi hapa ziko hivyo. Kama yako umeiweka kwa Kiswahili, Settings utaikuta imeandikwa Mipangilio.

Jua kwanza mtoto anaingilia wapi

Tulianza kwa kumwomba mpwa wangu mkubwa, wa miaka 9, aifungue simu mbele yetu. Hakuandika nambari yoyote. Aliweka kidole gumba mgongoni mwa simu, ikafunguka. Hapo dada akakumbuka. Vidole vyake mwenyewe simu haivisomi vizuri, kwa kukuna nazi na kushika ndimu na samaki kutwa, basi siku simu iliponunuliwa alisajili na kidole cha mtoto ili awe anamsomea ujumbe. Angebadilisha PIN mara kumi, kidole kile kingeendelea kufungua.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni vidole. Fungua Settings, ingia Security, kisha Fingerprint, uandike PIN yako. Utaona orodha ya Fingerprint 1, Fingerprint 2 na kuendelea, na majina hayo hayakwambii kidole ni cha nani. Kwenye simu nyingi, ukigusa kitambuzi huku orodha iko wazi, mstari wa kidole hicho unabadilika rangi. Ikiwa yako haifanyi hivyo, futa vyote usajili vyako upya. Dada tulimsajilia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ambacho hakikuni nazi, na kinasomeka vizuri. Angalia na Face unlock. Kwenye simu za bei ya chini inategemea kamera ya mbele peke yake, na ndugu wanaofanana huweza kuipita. Mimi huizima.

Baada ya vidole, badilisha PIN. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, ndio wa kwanza ataujaribu. Usitumie PIN ya M-Pesa, kwa sababu hii ya simu utaiandika mara nyingi kwa siku watoto wakiwa ubavuni, na siku wakiijua watakuwa wameijua na ya pesa. Simu inakubali tarakimu 4, lakini chagua 6. Na futa kioo kabla ya kumpa mtoto: mtu aliyekula viazi karai huacha mafuta juu ya nambari alizobonyeza, na mtoto anayaona akiielekeza skrini kwenye mwanga.

Mwambie mtu mzima mmoja PIN hiyo. Kwa dada ni bibi wa watoto, yaani mama yetu. Ukiisahau PIN ya skrini huna njia ya kurudi isipokuwa kuifuta simu nzima, na picha ambazo hazikuhifadhiwa kwingine zinapotea.

Funga apu moja moja

PIN ya skrini inamzuia mtoto asiye na ruhusa ya kushika simu. Lakini mtoto tunampa simu wenyewe, ikiwa wazi. Ndiyo maana apu nyeti zinahitaji kufuli lake, linaloitwa App Lock kwenye simu nyingi. Kwenye Redmi liko Settings, Apps, App lock. Kwenye Tecno, Infinix na itel linapatikana ndani ya apu ya Phone Master inayokuja na simu. Usipoliona, fungua Settings ugonge alama ya kutafuta juu, uandike lock, uone simu yako ina nini. Ziko simu zisizo na kufuli hili kabisa. Ikiwa yako ni mojawapo, usiende kupakua apu yoyote ya kufunga unayoikuta, maana nyingi huomba ruhusa ya kuona kila kitu kwenye skrini, na mtoto huweza kuziondoa kama apu nyingine yoyote. Nenda moja kwa moja kwenye njia ya kubana apu ninayoieleza chini.

Simu ya dada ina App Lock. Alitaka tufunge WhatsApp na M-Pesa, na tukafunga. Halafu nikamwomba aniruhusu nifunge nyingine nne ambazo hakuzifikiria: YouTube, Chrome, Play Store na Settings yenyewe.

Chrome ni kwa sababu YouTube ina tovuti. Ukifunga apu ya YouTube ukaacha Chrome, mtoto ataandika jina lile lile kwenye Chrome na video ni zile zile, bila kufuli. Mpwa wangu alikuwa analijua hilo tayari, nilimwona akielekea huko mara tu YouTube ilipodai PIN. Kama simu ina kivinjari kingine, nacho ukifunge.

Settings ndiyo muhimu kuliko zote. Mtoto akiwa na Settings wazi anaweza kufika kwenye apu yoyote, akagonga Force stop au akafuta data zake, na makufuli mengine yakalegea. Mfano mzuri ni Play Store, na nauelezea kwa sababu watu wengi wanaiwekea PIN wakadhani wamemaliza.

Ndani ya Play Store unagonga picha yako juu kulia, Settings, Family, Parental controls, unaiwasha, unaweka PIN ya tarakimu 4 na kuirudia. Kisha unachagua Apps & games na umri unaoruhusu. Tangu hapo apu za kuzidi umri huo hazipakuliki kwenye simu hiyo bila PIN. Lakini apu zilizokwisha kuwekwa kabla hazifungwi, zinaendelea kufunguka kama kawaida, kwa hivyo zipitie moja moja uondoe usizozitaka. Na PIN hii huondoka mtu akifuta data za Google Play Store kupitia Settings. Ndiyo njia ya mzazi aliyesahau, na ndiyo njia ya mtoto mjanja pia. Settings ikifungwa kwa App Lock, njia hiyo imezibwa.

Kuna mlango mwingine usiopitia mtandaoni: filamu zinazorushwa kutoka simu hadi simu kwa Xender au Bluetooth. Zikishaingia zinakaa kwenye apu ya mafaili na ya picha. Zipitie na hizo, hasa kama simu ilikuwa mikononi mwa wageni wakati wa harusi au Maulidi.

YouTube Kids, na swali la hesabu

Watoto walibaki bila katuni, na mdogo akaanza kulia. Tukaweka YouTube Kids. Unaipakua kutoka Play Store, unaingia kwa akaunti ya mzazi, unaandika jina la mtoto na umri, na inakupa ngazi za kuchagua: Preschool ya miaka 4 kushuka chini, Younger ya 5 hadi 8, Older ya 9 hadi 12, na ya mwisho ni Approve content yourself, ambapo mtoto anaona zile video na chaneli ulizozikubali wewe tu.

Dada alichagua hiyo ya mwisho kwa watoto wote watatu. Kazi yake ni kubwa siku ya kwanza: tulikaa karibu nusu saa tukitafuta katuni za Kiswahili na za herufi na kugonga alama ya kujumlisha moja baada ya nyingine. Faida yake ni kwamba mtoto hana pa kutafutia. Kwenye zile ngazi za umri, kuchuja kunafanywa zaidi na mitambo ya YouTube, na mara chache kitu kisichofaa hupenya. Kwenye hii umechuja mwenyewe.

Sasa, YouTube Kids ina alama ya kufuli pembeni chini, na huko ndiko kwenye mipangilio ya mzazi. Ukiigonga inakuuliza swali la kuzidisha, ikidhani kwamba mtoto hataliweza. Nilimpa mpwa wangu simu bila kumwambia kitu. Aligonga kufuli, akasoma, akasema, "Mjomba, saba mara nane ni hamsini na sita," akaingia. Yuko gredi ya nne na hesabu ndio somo lake.

Basi usiliache swali lile. Gonga kufuli, jibu, ingia Settings, uchague kuweka passcode yako mwenyewe, ya tarakimu 4. Kuanzia hapo hakuna hesabu, inataka nambari yako. Kwa mtoto wa miaka 4 hesabu inatosha, kwa wa 8 na kuendelea haitoshi. Iwe tofauti na PIN ya skrini, kwa sababu hii utaiandika simu ikiwa mkononi mwa mtoto.

Kubana apu kabla ya kutoa simu

Hii ndiyo hatua ambayo dada anaitumia kila siku kuliko zote, na inafanya kazi hata kwenye simu isiyo na App Lock. Simu inabanwa kwenye apu moja, na mtoto hatoki humo bila PIN.

Unaiwasha mara moja tu. Settings, Security, kisha tafuta App pinning. Kwenye simu nyingine iko chini ya Advanced au More security settings, na kwenye Samsung inaitwa Pin app. Iwashe, halafu uwashe na kile kiswichi cha chini yake, Ask for PIN before unpinning. Watu wengi huwasha cha kwanza wakasahau cha pili. Bila cha pili, mtoto anatoka kwa ishara ya kidole tu na simu yote iko wazi mbele yake. Kama kiswichi hicho hukioni, hakikisha skrini ina PIN, kwani bila PIN ya skrini hakuna cha kuulizwa.

Kila unapotoa simu, fanya hivi:

1. Fungua YouTube Kids.
2. Vuta kidole kutoka chini kwenda juu na ukishikilie, au gonga kitufe cha mraba, uone apu zilizo wazi.
3. Gonga alama ndogo ya apu iliyo juu ya kile kidirisha chake, uchague Pin.
4. Mpe mtoto.

Kutoka, unavuta kidole kutoka chini na kukishikilia, au unabonyeza kitufe cha kurudi na cha mraba kwa pamoja, kulingana na simu. Skrini inajifunga na kudai PIN.

Apu iliyobanwa inaweza wakati mwingine kufungua apu nyingine kupitia kiungo kilicho ndani yake. Ndiyo sababu nabana YouTube Kids, sibani WhatsApp wala kivinjari. Simu ikizimwa na kuwashwa, kubana kunaisha, ila itawaka ikiwa imefungwa kwa PIN. Na kabla hujategemea njia hii, jipigie kutoka simu nyingine uone simu yako inafanyaje ikipigiwa ikiwa imebanwa. Mume akiwa baharini hutaki simu yake ikupite kwa sababu ya katuni.

Televisheni ya sebuleni

Ungo wa dada ni ule usiolipiwa kila mwezi, na king'amuzi chake ni cha kawaida, chenye rimoti ya vitufe vya rangi. Humu kuna kosa moja linalowashinda wengi: kufuli lina swichi mbili, na moja bila nyingine haifanyi kitu.

Bonyeza Menu, utafute Parental Lock au Parental Control. Itataka nambari ya siri. Iliyotoka kiwandani mara nyingi ni 0000 au 1234, na imeandikwa kwenye kijitabu cha king'amuzi. Ukiingia, kwanza badilisha nambari hiyo kwenye New Password, uirudie kwenye Confirm Password. Usipoibadilisha, mtoto ataijaribu 0000 kabla hujakaa kitini. Kisha washa Channel Lock iwe On, na Menu Lock iwe On.

Sasa rudi kwenye menyu, ingia Edit Channel, halafu TV Channel List. Chini ya skrini utaona kila rangi ya rimoti inafanya nini. Bonyeza ile ya Lock, teremka hadi kwenye chaneli unayotaka, bonyeza OK, na alama ya kufuli itokee mbele ya jina. Ukitoka, kubali kuhifadhi. Dada alikuwa amefanya hatua hii miezi iliyopita na alama za kufuli zilikuwepo zote, lakini Channel Lock ilikuwa Off. Akiangalia orodha anaona makufuli, watoto wakibonyeza nambari ya chaneli inafunguka.

Menu Lock nayo inalinda menyu yenyewe. Bila hiyo, mtoto anaingia Factory Default, king'amuzi kinarudi kama kilivyotoka kiwandani, na nambari ya siri inarudi ile ya kiwandani. Utajua limetokea kwa sababu orodha ya chaneli itakuwa imebadilika au imepotea.

Kwa nini chaneli moja moja, badala ya kuweka umri? Vipo ving'amuzi vinavyokubali umri, lakini kipimo hicho kinafanya kazi pale tu kituo kinaporusha alama ya umri pamoja na kipindi. Vituo vya Kenya vina utaratibu wao: kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku vinatakiwa kurusha vipindi vinavyofaa familia, na filamu zinapangwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu kwa alama za GE, PG, 16 na 18. Vituo vya nje vinavyonaswa na ungo havifuati saa zetu, na vingi havirushi alama yoyote ambayo king'amuzi kinaweza kuisoma. Ukiweka umri ukaridhika, hivyo ndivyo vitakavyopita.

Jaribu kabla ya kumaliza. Hama kwenye chaneli nyingine, rudi kwa kuandika nambari ya ile uliyoifunga. Inatakiwa idai PIN. Zima king'amuzi kwenye soketi, washa, jaribu tena. Vipo ving'amuzi ambavyo ukiandika PIN mara moja vinaacha chaneli wazi mpaka vizimwe, kwa hivyo mtu mzima akimaliza kutazama taarifa usiku, akizime. Na fundi akija kutafuta chaneli upya baada ya upepo wa kusi kuusogeza ungo, ingia tena TV Channel List: chaneli mpya huja bila kufuli, na za zamani huweza kupoteza lililokuwepo. PIN ya king'amuzi haihusiki na tundu la USB, kwa hivyo fleshi ya filamu inayochomekwa hapo inacheza bila kuulizwa. Dada sasa fleshi za nyumba anaziweka kwenye mkoba wake.

Wiki ya pili alinipigia tena. Mkubwa alikuwa amemwomba bibi yake PIN kwa maneno matamu, na bibi akampa. Tuliibadilisha jioni ile ile, na safari hii tukampa mume nakala, iliyoandikwa nyuma ya kitambulisho chake, na bibi tukamwachia ile ya YouTube Kids peke yake.